Kutoka webina ya dakika 94 hadi kionjo cha sekunde 30: namna ya kuandika skripti kwa maneno yaliyokwisha kusemwa

Kionjo ni video fupi ya kumvuta mtu atazame webina nzima. Vionjo vingi vinavyoshindwa hushindwa kwa njia ileile. Aliyepewa kazi anafungua rekodi, anakata salamu za mwezeshaji, anachukua sentensi moja kutoka kila mada ili kila mtu aonekane, halafu anajikuta na sekunde 52. Anaanza kufinya. Mwisho anapata kitu kinachosema "tulizungumza mambo mengi", na hakuna anayebofya.

Kosa halipo kwenye ukataji. Lipo kwenye skripti, au tuseme kwenye kukosekana kwake. Kionjo huandikwa kwanza kwenye karatasi, kikahesabiwa sekunde, ndipo video iguswe. Mwongozo huu unashughulika na skripti hiyo, na unaenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wa kutunga: webina ya dakika 94 kwa wakulima wa Dodoma kuhusu kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wazungumzaji ni mtaalamu wa hifadhi, mkulima wa Kongwa na mwezeshaji, kisha maswali ya washiriki.

## Uwe na hivi mkononi

- Rekodi kamili ya webina, ile ya awali. Iliyopita WhatsApp imeshabanwa, picha na sauti, na huwezi kurudisha kilichopotea.
- Faili la chati, yaani ujumbe ambao washiriki waliuandika wakati webina ikiendelea. Watu wengi hulipuuza, na ndilo litakalokuokolea saa nzima.
- Hedifoni. Spika ya kompyuta inaficha mikwaruzo ambayo simu itaianika.
- VLC ya kusikilizia, Audacity ya kupimia sauti, na `ffmpeg` kama umezoea kuandika amri. Programu yoyote ya kuhariri video inafaa badala ya hiyo ya mwisho.
- Daftari au jedwali lenye safu nne: muda, nani, maneno yenyewe, urefu kwa sekunde.
- Mtu mmoja ambaye hakuhudhuria webina. Utamhitaji mara mbili, dakika tano kila mara.

Kama webina bado haijafanyika, ingia kwenye mipangilio ya kurekodi ya Zoom uwashe `Record a separate audio file for each participant`. Kila mzungumzaji atapata faili lake la sauti, na kikohozi cha mwezeshaji hakitakaa juu ya sentensi nzuri ya mgeni.

## Hatua ya 1: Sikiliza mara moja, weka alama tu

Fungua rekodi kwenye VLC na ubonyeze `]` mpaka kasi ifike 1.5. Dakika 94 zinakuwa kama 63. Usiandike sentensi wala usisimamishe. Sikio likishtuka, andika dakika na sekunde, na neno moja la kukukumbusha: "41:07 unga".

Sababu ya kutosimama ni kwamba ukianza kunakili sentensi ya kwanza nzuri, utaipenda kwa sababu imekugharimu dakika tano. Baadaye utaing'ang'ania hata ikipatikana bora. Alama hazina gharama, kwa hiyo hazikufungi.

Weka alama kwa kilichokushtua, siyo kwa kilicho muhimu. Kwenye mfano wetu mtaalamu alitumia dakika 12 nzuri kabisa kueleza viwango vya unyevu. Ni kiini cha webina, lakini hakuna sentensi moja ndani yake inayoweza kusimama peke yake. Mkulima alisema maneno kumi akatikisa chumba. Hayo ndiyo ya kuwekea alama.

Utajua umefaulu ukiwa na alama kati ya 25 na 40. Chini ya 15, ulikuwa unasikiliza kama mwanafunzi anayetaka kufaulu mtihani. Zaidi ya 60, umeweka alama mada badala ya sentensi.

## Hatua ya 2: Iulize chati

Washiriki walishakuonyesha sehemu zenye moto, kwa vidole vyao. Fungua faili la chati utafute mahali ambapo ujumbe umejazana ndani ya nusu dakika: "hata mimi", "rudia hapo", "mfuko gani huo?"

Tahadhari: chati iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mwenyeji mara nyingi huonyesha saa ya ukutani, siyo dakika ya rekodi. Itabidi utoe. Webina yetu ilianza kurekodiwa 10:02:15, yaani saa nne na dakika mbili asubuhi. Ujumbe wa "hata mimi" ulijazana saa 11:21:10. Toa, unapata 1:18:55 ya rekodi.

Usiende hapo hapo. Mtu husikia, hucheka, hushika simu, ndipo aandike. Rudi nyuma sekunde 10 hadi 60. Kwa mfano wetu, kilichowagusa watu kilianza 1:18:44: mshiriki aliuliza atajuaje kama mahindi yamekauka wakati hana mashine ya kupimia. Kwenye usikilizaji wa kwanza swali hilo lingepita bila alama, maana kwa sikio la mtengenezaji ni swali la kawaida. Kwa mkulima ndilo swali lenyewe.

## Hatua ya 3: Nakili neno kwa neno, kisha pima kama sentensi inasimama peke yake

Sasa rudi kwenye alama tu, kwa kasi ya kawaida. Andika kila kitu kilivyosemwa, pamoja na "aa", "yaani" na "sawa?" Ukisafisha wakati wa kunakili utajidanganya: sentensi itapendeza kwenye karatasi, halafu kwenye sauti utakuta "yaani" tatu zimekaa katikati, na huwezi kuzitoa bila mkato kusikika.

Kisha ipitishe kila sentensi kwenye kipimo ambacho kwa Kiswahili kina uzito wa pekee, yaani kiambishi cha mtenda. Lugha yetu inamruhusu mzungumzaji kumtaja mtu au kitu mara moja, kisha akaenda nacho dakika tano kwa "a-", "wa-", "i-" na "ya-" bila kukitaja tena. Kwenye webina hakuna tatizo. Kwenye kionjo ni shimo. Angalia hii, iliyokuwa na alama kubwa nyekundu:

> "Wakishaingia humo hawatoki, na ndani ya miezi mitatu umekwisha."

Inatisha vizuri, ila ni akina nani wanaoingia? Mtaalamu alikuwa anamzungumzia dumuzi, mdudu wa ghalani ambaye wakulima wengi humwita skania. Msikilizaji mpya anaweza kudhani ni wezi, wapangaji au wakwe. Na "humo" ni wapi? Sentensi ina mashimo mawili, na kuyaziba kwa maandishi kunakula muda. Inaachwa.

Viashiria ni hivyo hivyo: "hiyo", "hilo", "pale", "kama nilivyosema", "ile slaidi". Kimoja kinaweza kuzibwa na picha. Viwili ni dalili kwamba sentensi inaegemea ukuta ambao hautakuwepo.

Kipimo cha pili ni sauti ya mwisho. Sentensi iliyokamilika hushuka mwishoni. Mzungumzaji anayeendelea huacha sauti juu, kama anayehesabu vitu vya dukani. Ukikata hapo, kionjo kitasikika kama simu iliyokatika, hata kama sarufi imetimia.

Cha tatu ni hali ya sauti yenyewe. Mtandao ukiyumba, maneno yanavutika au yanameza silabi. Hakuna kichujio kinachorudisha silabi ambayo haikufika. Kama sentensi ni bora na sauti ni mbovu, muulize mzungumzaji kama alijirekodi pembeni kwenye simu. Kama hapana, isahau.

Mpe yule mtu ambaye hakuhudhuria asikilize zilizobaki, bila kumwonyesha picha na bila kumweleza chochote. Muulize: "Anazungumzia nini? Ungetaka kujua nini baada ya hapo?" Akianza na "Sijui, ila...", futa.

Utajua umefaulu ukibaki na sentensi 6 hadi 10. Kwenye mfano wetu tano ndizo zitakazoingia:

A. Mkulima, 41:07: "Nilifungua mfuko mwezi wa pili, nikakuta unga. Siyo mahindi, unga."

B. Mtaalamu, 1:03:20: "Kwa hiyo sasa, kama nilivyosema pale mwanzo, mdudu anahitaji hewa kama wewe unavyohitaji. Ukimfungia bila hewa, anakufa mwenyewe, huhitaji dawa, sawa?"

C. Mtaalamu, 1:05:02: "Lakini mahindi yakiwa na unyevu, mfuko huo huo ndio utakaoyaozesha."

D. Mshiriki, 1:18:44: "Sasa mimi sina mashine ya kupimia unyevu. Nitajuaje yamekauka?"

E. Mtaalamu, 1:19:30: "Chukua chumvi ya kawaida na chupa ya glasi."

Tazama A kwa karibu. Kilichoifanya iwe na nguvu siyo huzuni, ni "mwezi wa pili". Kanda ya kati mvua ni za msimu mmoja. Mwezi wa pili shamba bado ni la kijani na ghala ndilo tegemeo. Mtazamaji wa Kongwa, Mpwapwa au Chamwino hahitaji kuelezwa maana ya kukuta unga mwezi huo. Maneno matatu yamebeba kilio chote. Unapochagua kati ya sentensi mbili zinazokaribiana, chukua yenye neno la namna hiyo, linalojua mahali lilipo.

## Hatua ya 4: Hesabu silabi, siyo maneno

Hapa ndipo sekunde 52 huzaliwa. Miongozo mingi ya Kiingereza hukadiria urefu kwa idadi ya maneno. Kwa Kiswahili haisaidii: "utakaoyaozesha" ni neno moja na lina silabi nane, wakati "na" ni neno moja pia.

Hesabu silabi. Ni rahisi, kila irabu ni silabi. Ongeza moja kwa kila "m" inayosimama yenyewe mbele ya konsonanti, kama kwenye m-fu-ko au m-du-du. Sentensi A ina silabi 26.

Kisha tafuta kasi ya kila mzungumzaji. Chukua sekunde 10 za maongezi yake ambazo hazina kusitasita, nakili, hesabu silabi, gawa kwa 10. Fanya hivyo kwa kila mmoja, kwa sababu tofauti ni kubwa. Kwenye mfano wetu mtaalamu anatoa silabi 6 kwa sekunde, mshiriki 5.2, na mkulima, ambaye anapima maneno yake, 4.8.

Sasa bajeti. Sekunde 30 siyo zote za maneno:

- Bango la mwisho lenye anwani: sekunde 4. Chini ya hapo halisomeki kwenye simu ndogo iliyopigwa na jua.
- Pumzi kati ya vipande: sekunde 0.4 kila mpaka. Vipande vitano vina mipaka minne, kwa hiyo 1.6.
- Kilichobaki kwa maneno: 24.4.

Tukiweka vipande vitano, B ikiwa imekatwa kichwa ("kwa hiyo sasa, kama nilivyosema pale mwanzo") na "sawa?" ya mwisho, lakini "huhitaji dawa" ikibaki:

- A: silabi 26, sekunde 5.4
- B: silabi 43, sekunde 7.2
- C: silabi 30, sekunde 5.0
- D: silabi 27, sekunde 5.2
- E: silabi 16, sekunde 2.7

Jumla 25.5. Tumezidi kwa sekunde 1.1. Watu wengi hapa huongeza kasi ya video kidogo, "haitajulikana". Inajulikana. Sauti ya mkulima inayokimbia haiaminiki, na ulimweka pale ili aaminike.

Kata maneno badala yake. D inaanza na "Sasa mimi", silabi nne ambazo hazibebi kitu, kwa kuwa "sina" imeshasema ni nani. Zikitoka, D inabaki silabi 23, sekunde 4.4. Tumeokoa 0.8. Bado 0.3, na hapo inakuja hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Angalia kama mkato umegeuza maana

"Huhitaji dawa" ni maneno matamu kuliko yote kwenye rekodi. Mtu wa mauzo angeanza nayo. Lakini mtaalamu hakuyaacha peke yake. Dakika moja na nusu baadaye alisema sentensi C: mahindi yakiwa na unyevu, mfuko huo huo utayaozesha. Yaani ahadi ina sharti.

Kionjo kitakachobeba ahadi bila sharti kitamfanya mtu afungie mahindi mabichi, na mahindi yenye unyevu hualika ukungu na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo. Mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilipoteza watu kwa sumukuvu, kwa hiyo hili si suala la kupendezesha skripti tu.

Kanuni ya kufuata: andika kila sentensi iliyokatwa pembeni ya aya nzima ilimotoka, kisha ujiulize kama mzungumzaji, akisikia kionjo mbele ya wenzake, angesema "sikusema hivyo". Kama kuna wasiwasi, ama sharti liingie, ama ahadi itoke. Hapa tunafanya yote mawili: "huhitaji dawa" inatoka, C inabaki. B sasa ni silabi 37, sekunde 6.2. Jumla ya maneno inakuwa 23.7, na kionjo kizima sekunde 29.3. Tuna akiba ya 0.7, na utaihitaji.

Kuna namna nyingine ya kugeuza maana, nayo ni kupanga jibu chini ya swali ambalo halikulijibu. D na E zimetenganishwa na kama sekunde 40 za shukrani na mikwaruzo, lakini E ni jibu la D kweli. Hapo kuunganisha ni halali. Ungechukua E ukaiweka chini ya swali la mtu mwingine kuhusu soya, ungekuwa unatunga.

Ndani ya sentensi, toa kigugumizi tu: "aa", "yaani" iliyorudiwa. Usitoe neno lenye kazi. Na kila mkato wa ndani lazima ufunikwe na picha nyingine, kwa sababu uso wa mzungumzaji utaruka.

## Hatua ya 6: Panga, na uamue kinachofichwa

Kionjo siyo muhtasari. Muhtasari humpa mtu kila kitu kwa kipimo kidogo, na akishiba hana haja ya chakula. Kionjo hutoa hasara, hutoa tumaini, hulitilia shaka, kisha huacha mlango wazi. Mpangilio wetu unafuata njia hiyo: unga kwenye mfuko (hasara), mdudu hufa akikosa hewa (tumaini), lakini unyevu utayaozesha (shaka), nitajuaje (swali ambalo sasa ni la mtazamaji pia), chukua chumvi na chupa...

Na hapo tunanyamaza. Kilichobaki kwenye webina ni kwamba unatia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unasubiri kama robo saa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue mahindi bado yana unyevu. Inasemeka kwa sekunde kumi. Ukiiweka, umemaliza habari.

Sehemu ya kukata ni baada ya kitu cha kushikika na kabla ya kazi yake. Mtazamaji anavijua vyote viwili, viko jikoni kwake, ila hajui vinaunganaje. Ungekata kabla ya "chumvi", ungebaki na swali tupu, na swali tupu linasahaulika mpaka daladala ifike kituoni.

Kuanza na A nako kuna sababu. Sekunde tatu za kwanza zina "Nilifungua mfuko", kitendo, siyo jina wala cheo. Majina na vyeo vinaandikwa kwenye skrini. Hakuna anayetamkwa.

Andika skripti kwa safu tatu, ili mhariri asibuni chochote:

| Sekunde | Sauti | Picha na maandishi |
|---|---|---|
| 0–5.4 | A, mkulima: "Nilifungua mfuko mwezi wa pili, nikakuta unga. Siyo mahindi, unga." | Uso wake umejaza fremu. Maandishi: "Mkulima, Kongwa" |
| 5.8–12.0 | B, mtaalamu: "Mdudu anahitaji hewa kama wewe unavyohitaji. Ukimfungia bila hewa, anakufa mwenyewe." | Uso, kisha kuanzia "Ukimfungia" slaidi ya mfuko ukifungwa. Maandishi: "Mfuko usiopitisha hewa" |
| 12.4–17.4 | C, mtaalamu: "Lakini mahindi yakiwa na unyevu, mfuko huo huo ndio utakaoyaozesha." | Mfuko unabaki mpaka "huo huo", kisha uso |
| 17.8–22.2 | D, mshiriki: "Sina mashine ya kupimia unyevu. Nitajuaje yamekauka?" | Maneno ya swali tu, rangi moja nyuma |
| 22.6–25.3 | E, mtaalamu: "Chukua chumvi ya kawaida na chupa ya glasi." | Uso. Kata mara tu neno linapoisha |
| 25.3–29.3 | Kimya | "Jibu liko dakika ya 79. Webina nzima:" na anwani |

Ona kazi ya picha kwenye B na C. "Mfuko huo huo" ni kiashiria, kile kile tulichokiogopa kwenye hatua ya 3, na B haitaji mfuko popote. Picha ya mfuko inaingia mapema na kubaki, ndiyo inayoziba shimo. Ukisahau mstari huo, C itasikika kama imeruka ukurasa.

Bango la mwisho lisizidi maneno kumi na anwani moja. Kutaja dakika ya 79 ni makusudi: mtu mwenye bando dogo anataka kujua hatapotezewa saa nzima akilitafuta jibu.

## Hatua ya 7: Pima kwa sauti halisi

Hesabu ya silabi ni makadirio. Sasa toa sauti kwenye video:

```
ffmpeg -i webina.mp4 -vn -ac 1 sauti.wav
```

Fungua `sauti.wav` kwenye Audacity, chagua kila kipande kwa kipanya, ubonyeze `Ctrl+B` na uandike herufi yake. Utapata mwanzo na mwisho kwa sehemu za sekunde, jambo ambalo VLC haionyeshi vizuri.

Hapa kuna mtego wa Kiswahili tena. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu ya mwisho inabaki hafifu, kwenye mawimbi ya sauti inaonekana kama mkia mwembamba. Anayekata kwa macho huukata mkia huo, na "unga" inakuwa "ung". Acha sekunde 0.2 baada ya neno la mwisho na 0.2 kabla ya la kwanza. Nafasi hizo mbili zikikutana zinatoa ile pumzi ya 0.4 tuliyoiweka kwenye bajeti.

D ndiyo itakayokusumbua, maana "mimi" imegandana na "sina". Acha 0.05 tu upande huo na ufifishe mwanzo wa sauti taratibu. Kama "mi" bado inasikika, rudisha "Sasa mimi" nzima: utatumia 0.8 wakati akiba ni 0.7, kwa hiyo punguza mpaka mmoja uwe 0.3. Hiyo ndiyo kazi ya akiba.

Ukitumia `ffmpeg` kukata, kipande C kinakuwa hivi, kikianzia 1:05:02.4:

```
ffmpeg -ss 01:05:02.2 -i webina.mp4 -t 5.4 -c:v libx264 -c:a aac C.mp4
```

Usiweke `-c copy` kwa kutaka haraka. Amri hiyo haiundi upya picha, huinakili tu ilivyo, hivyo hulazimika kuanzia kwenye fremu kuu iliyo karibu, ambayo inaweza kuwa sekunde kadhaa mbali. Utapata mwanzo usio sahihi au picha iliyoganda huku sauti inaendelea.

Unganisha vipande kwa mpangilio wa skripti na usikilize ukiwa umefumba macho. Sauti ya mkulima ikiwa chini na ya mtaalamu juu, sawazisha sasa.

Utajua umefaulu yule mtu wako wa nje akisikiliza mara moja, kisha akauliza: "Chumvi ya nini?" Akiuliza "Ni mambo ya mifuko gani?", rudi kwenye maandishi ya B. Akisema "Nzuri" tu, bila swali, mwisho umekatwa mahali pasipofaa.

## Hatua ya 8: Ruhusa kabla ya kuweka hadharani

Mtaalamu na mkulima walialikwa, lakini hilo halimaanishi walikubali kuwekwa kwenye tangazo. Mshiriki wa D hata hakualikwa kuzungumza, aliuliza tu. Sauti yake ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka uwe na msingi wa kuitumia. Njia safi ni kumwomba.

Mtumie kila mmoja maneno yake hasa na mahali yatakapotokea, siyo "tutatumia sehemu ya webina":

> "Habari za kazi. Kwenye kionjo cha sekunde 30 tungependa kutumia sauti yako ukiuliza: 'Sina mashine ya kupimia unyevu. Nitajuaje yamekauka?' Jina na picha yako havitaonekana. Kitawekwa YouTube na makundi ya WhatsApp ya wakulima. Unaridhia?"

Akikataa, au asipojibu, usikate tamaa na swali. Wawezeshaji wazuri hurudia swali la mshiriki kabla ya kulipeleka kwa mtaalamu. Sikiliza kuanzia 1:18:50 hadi 1:19:30: kuna nafasi kubwa mwezeshaji alisema "Anauliza, kama huna mashine, utajuaje yamekauka?" Sauti yake mara nyingi ni safi zaidi. Hesabu silabi zake kwa kasi yake, badilisha muda kwenye jedwali, na maandishi ya skrini yafuate maneno yake yeye.